Seli moja ya kiwango cha punguzo: kwa mlioingia majuzi idara ya fedha

Kila msimu wa bajeti jedwali ni lilelile. Kijana amekaa wiki tatu akipanga mtiririko wa fedha wa mradi, mapato mwezi kwa mwezi, matengenezo, kodi, mpaka bei ya kuuza mtambo ukichakaa. Kazi safi. Halafu unabonyeza seli ya kiwango cha punguzo, kile kinachogeuza pesa za miaka ijayo kuwa thamani ya leo, na kukuta asilimia 7.84, imevutwa moja kwa moja kutoka faili la makao makuu. Ukimuuliza kwa nini, anajibu: "Ndicho kiwango cha kampuni." Wadogo zetu, hapo ndipo wiki tatu zote zinapoharibika, na inauma kuliona kosa hilo mwaka baada ya mwaka.

Tushike mfano mmoja wa kutungwa, twende nao hadi mwisho. Kampuni mama inasaga nafaka. Beta ya hisa zake, yaani kipimo cha jinsi zinavyosogea pamoja na soko zima, ni 0.8. Kiwango kisicho na hatari ni asilimia 5 na nyongeza ya hatari ya soko ni asilimia 6, kwa hiyo wenye hisa wanadai asilimia 9.8. Deni ni asilimia 40 ya thamani ya kampuni, kwa riba ya asilimia 7, na kodi ni asilimia 30. Wastani wa gharama ya mtaji unatoka 7.84. Sasa wanataka kununua meli za shehena kichele kwa milioni 100, zitakazoleta milioni 16 kwa mwaka baada ya kodi, kwa miaka 10.

Kwa 7.84 thamani halisi ya sasa ni zaidi ya milioni 8, na mradi unapita. Ukipiga `IRR`, yaani kiwango cha ndani cha mradi, unapata asilimia 9.6.

1. Uliza pesa inakwenda wapi, usiulize imetoka wapi.

Hili ndilo kosa kubwa, na halitokani na ujinga wa hesabu. Linatokana na sentensi moja inayosemwa kwenye kikao na mtu mwenye cheo: "Benki inatukopesha kwa asilimia 7, meli zinarudisha 9.6. Mbona tunaikataa faida ya wazi?" Kijana aliyeandaa jedwali ananyamaza, kwa sababu hoja inasikika vizuri. Nyie msinyamaze. Jibu lipo, nalo lina sehemu tatu.

Kwanza, benki haikuangalia meli. Imeangalia vinu vya kusaga, ambavyo watu hununua unga wake uchumi ukiwa juu au chini. Mwulize huyo mwenye cheo: meli hizi zingesimama peke yake, bila dhamana ya kampuni mama, nani angezikopesha milioni 100 zote kwa asilimia 7? Mkopeshaji angetoa sehemu tu, na kwa riba kubwa zaidi. Tofauti iliyobaki haijatoweka. Inabebwa na vinu, kwa sababu uwezo wao wa kukopa kesho umeliwa na meli leo, na inabebwa na wenye hisa.

Pili, wenye hisa watadai malipo ya hatari hiyo. Beta ya mali za vinu, ukishaondoa athari ya deni, ni kama 0.55. Ya meli, tutakavyoona, ni kama 1.18. Nauli za meli hufuata biashara ya dunia, zinapanda sana na kuporomoka sana, wakati mishahara ya mabaharia, bima na matengenezo havishuki. Tena meli huagizwa soko likiwa juu na kufika baada ya miaka kadhaa, mara nyingi soko likiwa limeshageuka. Meli zikifika theluthi moja ya thamani ya kampuni, beta ya mali zote inakuwa kama 0.76. Kwa deni lilelile la asilimia 40, beta ya hisa inatoka 0.8 hadi 1.11, na wenye hisa wanaanza kudai asilimia 11.7 badala ya 9.8. Vinu havijabadilika hata gunia moja, lakini bei ya mtaji wa hisa wa kampuni nzima imepanda.

Tatu, na hapa ndipo maumivu yenyewe yalipo. Mwaka unaofuata mtu anakokotoa upya wastani wa kampuni. Hata riba ikibaki palepale, anapata karibu asilimia 9. Anaieneza kwa vitengo vyote, kama kawaida. Kitengo cha vinu kinaleta upanuzi unaorudisha asilimia 8.5, mradi mzuri kabisa kwa biashara yenye gharama ya 7.84, na unakataliwa. Meli za ziada zinazorudisha 9.6 zinakubaliwa. Mwaka wa tatu vivyo hivyo. Kampuni inajikuta inahamia kwenye biashara yenye hatari zaidi bila bodi kuwahi kuamua hivyo. Kilichoamua ni seli moja ya jedwali. Dalili yake mtaiona mapema mkitazama orodha ya miradi iliyopitishwa: ikiwa kitengo chenye hatari ndogo hakijapata pesa kwa miaka miwili na chenye hatari kubwa kinapata kila mara, fungueni kwanza seli ya kiwango kabla ya kuwalaumu wasimamizi wa vinu.

Na msikubali hoja kwamba hatari ni ndogo kwa kuwa meli zitabeba ngano yetu wenyewe. Nafasi unayojipa mwenyewe ungeweza kuiuza kwa nauli ya soko. Hatari ni ileile.

2. Tafuta kampuni linganishi, kisha vua deni lao.

Kitengo hakina hisa sokoni, kwa hiyo hatari yake tunaiazima kwa kampuni zinazofanya kazi hiyo tu. Tatu au nne zilizo safi ni bora kuliko kumi zenye mchanganyiko. Mwenye meli na hoteli hapohapo hatufai. Tumia bei za soko, si za vitabu. Epuka hisa isiyouzwa mara kwa mara, maana bei isiyosogea hutoa beta ndogo ya uongo.

Vijana wengi wakifika hapa hufanya nusu ya kazi: wanachukua wastani wa beta zilizochapishwa. Tuseme kampuni tatu zina beta 1.60, 1.45 na 1.90. Wastani ni 1.65. Lakini ndani ya namba hizo kuna vitu viwili, hatari ya meli na hatari ya deni, na kila kampuni ina deni lake. Vua deni kwa fomula ya Hamada, ya mwaka 1972:

```
beta_mali = beta_hisa / (1 + (1 - kodi) * deni/hisa)

A: 1.60 / (1 + 0.7*0.50) = 1.19
B: 1.45 / (1 + 0.7*0.25) = 1.23
C: 1.90 / (1 + 0.7*1.00) = 1.12
```

Tazameni kilichotokea. Kabla ya kuvua, C ilionekana ya hatari kuliko zote na B ya hatari ndogo. Baada ya kuvua zimekaribiana, na mpangilio umepinduka. Zikikaribiana namna hii, ni ishara njema kwamba kweli zinafanya biashara moja. Zikibaki mbalimbali, rudini kwenye taarifa zao mkasome wanafanya nini hasa.

Angalizo moja: fomula hii huchukulia kwamba deni halibebi hatari yoyote ya soko. Kwa C, ambayo deni lake ni sawa na hisa zake, hilo si kweli sana, kwa hiyo fomula imevua kupita kiasi na 1.12 pengine iko chini kidogo. Kodi ya kutumia ni ya kampuni linganishi yenyewe. Hapa imetokea kuwa sawa. Wastani tunaoubeba ni 1.18.

3. Visha deni la kitengo, si la kampuni mama.

Hapa kosa la kwanza hurudi kwa mlango wa nyuma. Kijana amevua vizuri, kisha anavisha asilimia 40 za vinu na kuweka riba ya asilimia 7. Anapata 11.2. Amechanganya hatari ya meli na mkopo wa vinu. Uliza meli peke yake zingebeba deni kiasi gani, na kwa riba gani. Tuseme asilimia 25, kwa riba ya 8.5:

```
beta_hisa  = 1.18 * (1 + 0.7 * 25/75) = 1.455
hisa       = 5 + 6 * 1.455            = 13.73
deni       = 8.5 * (1 - 0.3)          = 5.95
wastani    = 0.75*13.73 + 0.25*5.95   = 11.8
```

Kwa 11.8 mradi uleule ulioonyesha faida ya zaidi ya milioni 8 unapoteza karibu milioni 9. Hakuna shehena iliyobadilika wala nauli iliyoshuka.

4. Usirundike kila hofu kwenye kiwango.

Mtu atataka uongeze asilimia 2 kwa sababu meli inaweza kuharibika injini au kuzuiliwa bandarini. Hayo yaweke kwenye mtiririko wa fedha: siku za kukaa bila kazi, gharama za matengenezo, bima. Mwenye hisa aliyetawanya uwekezaji wake halipwi ziada kwa injini ya meli moja. Beta inabeba kile tu kinachosogea pamoja na soko zima. Na kama aliyeandaa mapato ameweka nauli za mwaka wa neema kwa miaka yote 10, rekebisha mapato. Ukiongeza kiwango ili kuponya makadirio ya kujipendelea, utaadhibu miaka ya mbali kuliko ya karibu, ilhali hujui kosa liko mwaka upi.

5. Peleka ukanda, na jibu la kinachohitajika.

Usiingie kwenye kikao na 11.8 kana kwamba ni kipimo cha mizani. Kwa beta ya mali ya 1.12 unapata karibu 11.5, kwa 1.23 karibu 12.1. Kwenye mfano huu ukanda haubadilishi uamuzi, maana 9.6 haifiki hata ukingo wa chini. Kiwango cha ndani cha mradi kingeangukia katikati ya ukanda, hapo ndipo mngesema wazi kwamba makadirio hayatoshi kuamua.

Kisha geuza hesabu upande wa pili. Kwa 11.8, milioni 100 kwa miaka 10 inahitaji karibu milioni 17.6 kwa mwaka. Pengo ni milioni 1.6. Sasa watu wa meli wana swali la kufanyia kazi: wanunue kwa bei nafuu zaidi, au wafunge mkataba wa kukodisha wa muda mrefu? Wakileta mkataba wa nauli isiyobadilika, msikimbilie kubadilisha mapato peke yake. Mradi wenye mapato yaliyofungwa si mradi uleule. Tafuteni kampuni linganishi zinazoendesha meli kwa mikataba ya aina hiyo, mwanze tena kwenye kipengele cha 2.