Ningesema Saa Ngapi? Kikao Kinapotekwa na Msemaji Mmoja

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Makambako aliniandikia kwamba katika kikundi chao cha kuweka na kukopa kuna mjumbe ambaye akishika neno halishushi, na kwamba wenzake wameanza kuleta hisa na kuondoka kabla ajenda haijaisha. Aliniuliza wamfanye nini. Ujumbe wake niliusoma mara mbili, kwa sababu jambo hilo lilitupata sisi hapa Uyole, na mimi, nikiwa katibu, nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe bila kuliona.

Kikundi chetu kina wanachama 22, wengi wetu wakulima wa viazi mviringo. Miongoni mwetu yumo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtu mwadilifu ambaye hajawahi kuchelewesha rejesho hata siku moja. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba siandiki habari za mtu mbaya. Mwalimu alikuwa anazungumza tu, na akimaliza anarudia, na mwingine akianza kujibu anamsaidia kumalizia sentensi.

Msimu wa mwaka jana tulijadili kama tuwauzie madalali wanaokuja shambani, au tukodi Fuso tupeleke mzigo wenyewe Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800. Mwalimu alitaka tukodi gari, tena tuvune wiki ileile kabla bei haijashuka. Alieleza kwa kirefu, akapiga hesabu, akaeleza tena. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye wazo tofauti, akasubiri kidogo, kukawa kimya. Nikaandika katika muhtasari: "Wajumbe wote walikubaliana."

Mzigo ulipofika sokoni, magunia 17 kati ya 60 yalikuwa yameanza kuoza na kuvuja maji. Viazi vilikuwa vimevunwa katikati ya mvua, ngozi ikiwa bado laini. Niliporudi nyumbani nilimpitia mama mmoja wa kikundi chetu aliyefanya biashara ya viazi miaka mingi. Alichukua kiazi kimoja kilichobaki, akakisugua kwa kidole gumba, na ngozi ikavuka yote kama ya kiazi kilichochemshwa. Akaniambia kwamba siku ile ya kikao alijua, kwa kuwa mashina yalikuwa bado mabichi, nayo hukatwa kwanza na viazi kuachwa ardhini kama wiki mbili ili ngozi ikomae. Nikamuuliza mbona hakusema. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, ningesema saa ngapi?"

Swali hilo bado linaniuma.

Kosa letu la kwanza baada ya hasara lilikuwa kumnyamazisha Mwalimu. Mwenyekiti alimkatisha mbele ya watu wote: "Mzee, leo tuachie na wengine." Mwalimu akanyamaza, akakosa vikao viwili vilivyofuata, na wanachama watatu waliokuwa wanafunzi wake wakamwonea huruma na kununa pamoja naye. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba wale waliokuwa kimya waliendelea kuwa kimya. Mwenyekiti sasa alizungumza peke yake, na kikao kikaisha ndani ya nusu saa bila mtu kuchangia lolote. Ndipo nilipotambua kwamba kumwondolea mmoja neno hakuwapi wengine neno, kwa kuwa walikwisha kuzoea kwamba fikra zao wanazitoa njiani wakati wa kurudi nyumbani.

Mwalimu aliporudi, nilianza na daftari. Nyuma ya ukurasa wa muhtasari niliandika namba za wanachama wote, na kila mtu alipozungumza nilimchorea kijistari kimoja kwa penseli bila kumwambia yeyote. Mwisho wa kikao Mwalimu alikuwa na vistari 31, mwenyekiti 12, wengine saba waligawana vichache, na wanachama 13 hawakuwa na hata kimoja. Nilikuwa nimeamini kwamba wasiozungumza ni wanne au watano.

Kisha nikamwendea Mwalimu nyumbani kwake, siku isiyo ya kikao, nikiwa na ombi na si shutuma. Nilimwonyesha zile namba 13 na kumwomba anisaidie kuwasikia. Alikaa kimya kwa muda mrefu, halafu akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: kwamba mwenyekiti akiuliza swali na watu wakakaa kimya, yeye huona aibu kwa niaba ya mwenyekiti, basi hujaza nafasi, na kwamba hurudia kwa sababu hakuna anayemjibu, hivyo hajui kama ameeleweka. Sababu zote mbili zilitokana na sisi.

Kwa hiyo tulibadili mambo machache. Mwenyekiti akiuliza swali, sasa huhesabu moyoni hadi kumi kabla ya kufungua kinywa tena, na mara nyingi mtu huanza kuzungumza anapofika saba au nane. Mwalimu akianza kurudia hoja, mimi husubiri avute pumzi, kisha husoma nilichoandika: "Mwalimu amesema tuuze mapema kwa sababu ya bei. Kuna jingine ambalo sijaliandika?" Akijibu kwamba hakuna, mwenyekiti papo hapo humtaja mtu mwingine kwa jina. Usiache nafasi kati ya kusoma na kutaja jina, kwa maana nafasi hiyo ndiyo itakayojazwa.

Lakini kilichotuokoa hasa ni makundi ya watu watano. Vikundi vingi vya aina yetu vina makundi hayo tayari kwa ajili ya kudhaminiana mikopo, nasi tulikuwa hatuyatumii kwa kitu kingine. Ajenda inayogusa fedha za wote, kwanza hujadiliwa humo kwa dakika kumi, kila mmoja akisema wazo moja kabla ya yeyote kujibu, na anayesema "napita" hurudiwa mwishoni. Anayewasilisha mbele ya wote ni mwanachama mgeni kuliko wote katika kundi lake, hata kundi la Mwalimu. Humo wazee wetu huzungumza Kisafwa au Kinyakyusa bila kuogopa kukosea Kiswahili cha kikao, na hilo peke yake lilifungua vinywa viwili ambavyo sikuwahi kuvisikia.

Njia hii ina mipaka yake. Ukiitumia kwa kila ajenda, kikao kitachukua zaidi ya muda wa saa tatu na watu watachoka, hivyo itunze kwa maamuzi mazito. Na kama msemaji huyo ndiye mwenyekiti mwenyewe, ombi la faragha halitatosha: utaratibu wa makundi uingizwe katika katiba ya kikundi, ili usitegemee hiari yake.

Msimu huu hoja ya kuvuna ilipoletwa, kijana aliyejiunga mwezi wa pili alisimama kwa niaba ya kundi la yule mama, akiwa na kiazi mkononi. Alikisugua kwa kidole gumba mbele yetu, ngozi ikavuka. Mwalimu aliomba akishike, akakisugua mwenyewe, akasema, "Basi tukate mashina Jumamosi." Tulivuna siku 15 baadaye. Katika muhtasari sikuandika kwamba wote walikubaliana. Niliandika kwamba 19 waliunga mkono, wawili walitaka tuuze kwa dalali, mmoja hakuwapo, na hoja ilitoka kwa mwanachama namba 14.