Kusawazisha watahini wa insha kabla hamjagawana karatasi

Swali la mwalimu: "Walimu hamjambo. Shule zetu zinafanya moko ya pamoja ya Fomu Foo na tutakuwa watahini sita kwa Karatasi ya Kwanza, ile ya insha. Mara ya mwisho karatasi moja ilirudishwa na shule, ikasahihishwa tena, ikatoka 8 ikaenda 14. Mwongozo tulikuwa nao, tena tuliusoma pamoja. Sa tunafanyaje ili sote tutoe alama zinazokaribiana?"

Sijambo mwalimu. Nimekaa kwa hivi vikao vya kusahihisha miaka mingi sasa, kama mtahini na baadaye kama anayeongoza meza ya insha, na shida naiona hapo pa "tuliusoma pamoja". Mwongozo wa insha mkiusoma wote mtaitikia kwa kichwa, manake D ni 01 hadi 05, C ni 06 hadi 10, B ni 11 hadi 15, A ni 16 hadi 20, nani atapinga hapo. Tofauti haiko kwa mwongozo, iko kwa karatasi ya mtoto, na haitaonekana mpaka nyote sita msome karatasi ile ile kila mtu kivyake. Kwa hivyo asubuhi ya kwanza msigawane bahasha kabisa, hiyo asubuhi ni ya dami, yaani karatasi chache za watoto ambazo wote mnazisahihisha kwa majaribio.

Dami zinatayarishwa siku moja kabla. Anayeongoza na msaidizi wake wanapekua karatasi za shule tofauti tofauti, wanatoa kama kumi. Usichukue tu ile nzuri sana na ile mbovu sana manake hizo kila mtu ataziweka mahali pake bila shida. Tafuta zile zinazokaa mpakani, ile inabishana kama ni 10 au 11, 15 au 16, halafu tafuta zenye balaa ya aina yake, mathalan mtoto ana lugha tamu na amepotoka kimaudhui, au ana hoja nzuri na sarufi imemlemea. Hao wawili wanasahihisha kila mmoja peke yake, wanakaa wanakubaliana alama, na wanaandika sababu mistari miwili mitatu. Kisha mnapiga fotokopi za karatasi SAFI, hazina alama wala wino mwekundu, hata mstari chini ya kosa usiwepo. Mtahini akiona mwenzake amepigia mstari makosa mengi ukurasa wa kwanza, tayari ameshaambiwa hii ni C kabla hajaisoma.

Siku yenyewe mnaanza na dami moja tu. Kila mtu anasoma kimya, anaandika alama kwa kikaratasi bila jina, namba tu ya kumtambulisha, na vikaratasi vinakusanywa KABLA mtu yeyote hajafungua mdomo. Hapa msilegeze hata kidogo. Sisi walimu tunaheshimiana, na ni vizuri, ila kwa meza ya kusahihisha mwalimu mkongwe akisema "hii mimi naona ni kumi na tatu" yule wa TP na yule aliyeajiriwa juzi wote watakuwa na kumi na tatu, na mtadhani mmeelewana kumbe mmenyamaziana. Baadaye kila mtu akipewa bahasha yake anarudi kwa alama yake ya moyoni.

Alama zote zinaandikwa ubaoni, halafu anayeanza kuongea ni wa juu kabisa na wa chini kabisa, na haongei kwa "mimi nilihisi", anasoma mstari wa mtoto na kuonyesha ni wapi kwa mwongozo. Acha nikupe moja nilivyoiona ikienda. Swali lilikuwa la methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtoto kaandika kisa cha kijana wa bodaboda anayeendesha usiku bila taa, lugha inatiririka, tashbihi na semi zimepangwa vizuri, ajali imeelezwa mpaka unasikia chuma kikisaga lami, hospitalini amefungwa mguu, na aya ya mwisho anasema "laiti ningalimsikiza mama". Basi, mama hajatajwa mahali pengine popote. Alama zikatoka hivi: 9, 10, 14, 15, 10, 13. Ukitazama haraka utasema hawa watatu ni wakali na hawa watatu ni wapole, lakini walipoulizwa ikatoka kwamba wote waliona lugha ni ya B, hakuna aliyebisha hapo. Walichotofautiana ni kitu kimoja tu. Mwongozo wetu ulisema kisa kionyeshe pande zote mbili za methali, na anayeonyesha upande mmoja asipite 10. Waliotoa 13 na kuendelea walihesabu ule mstari wa "laiti" kama upande wa kwanza, yaani alionywa akakaidi. Waliotoa 9 na 10 walisema majuto ya mstari mmoja sio onyo, hatujaona mkuu akisema wala kijana akikataa.

Yaani pengo la alama sita linatoka kwa sentensi moja ya mtoto, na mwongozo haukuwa na neno juu yake. Tukajadiliana, kiongozi akaamua kwamba onyo lazima lionekane likitolewa, au likumbukwe kwa undani kama mbinu rejeshi, mstari mmoja wa majuto hautoshi. Ikabaki 9. Na hapo hapo uamuzi ukaandikwa kwa mwongozo wa kila mtu kwa kalamu, namba ya dami pembeni. Unaweza kusema uamuzi ungeenda upande ule mwingine, sawa, ungeweza, mimi binafsi naona ulikuwa sahihi, lakini kwa mtoto wa shule nyingine aliyeandika vile vile cha maana zaidi ni kwamba watahini wote sita wamhukumu kwa kipimo kimoja. Kitu msifanye ni kutafuta wastani. Wastani wa hizo alama ni kama 12, na hiyo 12 haina mtu anayeiamini, na haimwambii mtahini afanye nini akikutana na "laiti" nyingine mchana.

Jambo lingine linalojificha ni makosa ya hijai ya eneo lenu. Kama mnafunza mahali watoto wanachanganya r na l, au wanaacha h, mtahini wa hapo hapo macho yamezoea, anasoma "kura chakula" na kichwa kinamwambia "kula", anapita. Anayetoka mbali analiona kila mara. Kwa hivyo dami moja wapo iwe na makosa hayo kwa wingi, na mhesabu kwa sauti, makosa mangapi tumeyaona, na linalojirudia tunalichukua vipi. Hapa hamtafuti aliye sahihi, mnataka wote waone kitu kile kile.

Baada ya dami mbili tatu za kujadili, sa ndo raundi ya pili. Hii haina majadiliano katikati, kila mtu anapewa dami nne na anarudisha alama. Sisi tunakubali tofauti ya alama 2 juu au chini ya ile iliyokubaliwa, kwa insha ya 20 ukidai wote wafanane kabisa utakesha. Lakini usiangalie tu nani yuko ndani na nani yuko nje, angalia tofauti zinaelekea wapi. Chukua dami nne ambazo alama zake ni 9, 13, 17 na 5:

Mtahini wa kwanza katoa 7, 11, 14, 3. Yuko chini kila mahali, mbili au tatu.
Wa pili katoa 12, 10, 18, 4. Juu tatu, chini tatu, juu moja, chini moja.
Wa tatu katoa 10, 12, 13, 9. Ile nzuri ameishusha, ile dhaifu ameipandisha.

Ukijumlisha tofauti za wa pili utapata sufuri, na wa tatu pia sufuri, utafikiri hao ndo bora na yule mkali ndo mbaya. Ni kinyume. Mkali anaeleweka, ukimwonyesha hizo namba nne zake anajua apandishe, na kwa kawaida dami mbili zinazofuata anakaa sawa. Hata kama hakurekebika, alama zake mnaweza kuzipandisha mwishoni na watoto wake wakabaki kwa mpangilio wa haki. Yule wa pili huna la kuongeza wala kupunguza, manake hujui mtoto gani ameonewa na yupi amependelewa. Kaa naye, mwambie asome kwa sauti huku akisema anachofikiri, mara nyingi utakuta hati mbaya inamkasirisha au tamathali za usemi zinamlewesha. Wa tatu anaogopa kukosea, kwa hivyo anakaa katikati, na huyo ndo anawaumiza watoto wazuri bila mtu kulalamika. Dawa yake ni kumlazimisha aamue kiwango kwanza, D, C, B au A, halafu ndani ya kiwango aamue chini, katikati au juu, yaani B- ni 11 na 12, B ni 13, B+ ni 14 na 15, na alama ndo iandikwe mwisho. Kwa kweli ningetaka wote sita wafanye hivyo, anayeanza na namba moja kwa moja huwa anateleza.

Asiyeingia hata baada ya dami nyingine mbili mhamishie Karatasi ya Pili, kule majibu yamebana zaidi, na mwambieni kwa heshima, faraghani. Najua ni ngumu mkiwa sita tu na bahasha ni nyingi, lakini mkimwachia atawarudishia hizo karatasi za kusahihishwa upya.

Halafu kazi ikianza usidhani mmemaliza. Kiongozi achukue karatasi kumi za kwanza za kila mtu azisome upya bila kuangalia alama iliyopo, mtahini aandike kwa karatasi tofauti ili hilo liwezekane. Hifadhini dami mbili ambazo hamjazitumia kwa asubuhi ya siku ya pili, manake mtu aliyesoma visa vingi vya bodaboda jioni yote anaamka mkali kuliko alivyolala, na mtu huyo huyo baada ya chakula cha mchana anakuwa mpole. Na kama mtaweza, chomekeni fotokopi safi ya dami moja ndani ya bahasha za watu wote bila kuwaambia ni ipi, mkawaeleza tu mapema kwamba itakuwepo, ndo isionekane kama mtego. Ikirudi na pengo zaidi ya alama 2, simamisheni huyo mtahini, msome upya karatasi alizofanya tangu ukaguzi wa mwisho, sio zote.

Kama mna maswali ya methali safari hii niambie ni methali gani, tuone pande zake mbili zinakaaje kabla hamjaandika mwongozo.