Domino ya kwanza ndiyo wengi huisahau

"Kwenye induksheni tunachukulia kauli ni kweli kwa k. Si ndicho tunachotakiwa kuthibitisha?"

Hapana, mdogo wangu. Induksheni huthibitisha kauli kwa namba 1, 2, 3 na kuendelea, kama safu ya domino: kila namba ni domino moja, na ikianguka, kauli ni kweli kwa namba hiyo. Ukichukulia kauli ni kweli kwa k, husemi domino ya k imeanguka. Unasema ikianguka, itaiangusha ya k+1. Chukua 1+3+…+(2n−1) = n². Kama ni kweli kwa k, ongeza namba witiri inayofuata, 2k+1, pande zote mbili: kulia unapata k²+2k+1, yaani (k+1)². Domino zimekaribiana vya kutosha.

Sasa weka n²+3 badala ya n². Hatua ileile inapita bila kikwazo, jaribu mwenyewe! Ila kwa n=1 kushoto kuna 1, kulia 4. Safu imepangwa vizuri, lakini hakuna aliyeisukuma ya kwanza. Kwa hiyo hakiki namba ya kuanzia kila mara, kama n=1 hapa, hata ikionekana ya kitoto.