Maswali na majibu: "Joint" gani hiyo?

Natafsiri kitabu cha pampu ya dizeli kutoka Kifaransa. Neno "joint" limo kila ukurasa. Kamusi inasema ni "kiungo". Nitumie hilo kote?

Kiungo kipi, cha mwili au cha pilau? Swali hili limenifikia mara ya nne mwaka huu, na kila anayeuliza ana kamusi mkononi lakini hajafungua ukurasa wa mchoro. Mfaransa anaita "joint" vitu ambavyo muuza spea huviweka kwenye makasha tofauti, kwa hiyo usitafsiri neno kabla hujakiona kitu chenyewe.

Tafuta namba ya kipande kwenye mchoro, kisha uangalie kimekaa wapi. Kikibanwa katikati ya nyuso mbili zisizosogea, mfano silinda hedi na bloku, hiyo ni gasketi. Kikizunguka shafti inayozunguka, kazi yake kuzuia oili isitoke, hiyo ni sili, na Kifaransa mara nyingi huandika "joint spi" au "joint à lèvre". Kikiwa pete ya mpira iliyolala ndani ya mfereji wake, hiyo ni oringi, yaani "joint torique". Halafu kuna "joint de cardan", ambayo haizibi chochote: hiyo kweli inaunganisha shafti mbili. Humo tu ndimo kiungo kinapopata nafasi yake.

Mchoro ukikushinda, nenda nao kwenye duka la spea, uweke kidole juu ya kipande na uulize kinaitwaje. Neno utakalopewa liandike kwenye jedwali lako pamoja na namba ya kipande, kisha usilibadilishe hadi ukurasa wa mwisho. Niliwahi kupewa tafsiri niihariri ambamo sili moja iliitwa kizibo ukurasa wa 12, kizuizi ukurasa wa 30 na kiungo kwenye orodha ya vipuri. Fundi angeagiza vitu vitatu.

Je, nisubiri BAKITA wasanifishe istilahi kwanza?

Pampu haitasubiri. Wapelekee jedwali lako ukimaliza.

"Vis" ni parafujo?

Mara nyingine. Kwa Mfaransa, "vis" hujifunga kwenye tundu lenye hesi, na "boulon" huja na nati yake. Fundi wetu hagawi hivyo, anaangalia kichwa: chenye pembe sita ni bolti, chenye mfuo ni skrubu. Soma sentensi nzima uone kifaa gani kimetajwa. Ikisema "clé", mtu anashika spana, basi andika bolti hata kama Kifaransa kimesema "vis". Ikisema "tournevis", ni bisibisi, kwa hiyo skrubu. Parafujo ni neno zuri, ila ukiliandika, hakikisha fundi wako analijua.

Mteja yuko Arusha lakini kitabu kitatumika Bukavu pia. "Bougie" niite plagi au buji?

Fundi wa Bukavu anasema buji, wa Arusha anasema plagi, na wote wawili wako sahihi. Toa matoleo mawili. Bajeti ikikataa, andika "plagi (buji)" inapotajwa mara ya kwanza na kwenye orodha ya vipuri. Usibuni neno la tatu la kuwapatanisha, maana litakuwa geni kwa wote. Na kama injini ni ya dizeli, angalia vizuri: hiyo ni "bougie de préchauffage", inapasha joto tu, haitoi cheche.

"Pétrole" si ndiyo petroli?

Siyo! Petroli ni "essence". "Pétrole" kwenye kitabu cha mashine kwa kawaida ni mafuta ya taa, na anayekosea hapa anaosha vipuri kwa petroli karibu na jiko.

Kitabu kinasema bolti zikazwe "2,5 daN·m". Nimeandika 2.5 Nm. Mhariri amekataa, kwa nini?

Mshukuru. Ile "da" ni deka, yaani mara kumi, kwa hiyo 2,5 daN·m ni 25 Nm. Chukua bolti ya M8, ile ya spana namba 13. Ukiikaza kwa 2.5 Nm, imebanwa kidogo tu kupita nguvu ya vidole: mtetemo wa injini utailegeza na oili itaanza kuvuja kwenye gasketi. Kosa la pili ni kuidondosha koma. Inabaki 25 daN·m, ambayo ni 250 Nm, na bolti inakatikia ndani ya bloku. Kuitoa hapo ni kazi ya drili na siku nzima.

Koma ya Kifaransa ndiyo nukta yetu ya desimali. Badilisha zote kwa jicho lako, usiamuru kompyuta izibadilishe kwa mkupuo, kwa sababu itazigusa na koma za sentensi. Kisha andika "kaza kwa nguvu ya 25 Nm" na umtake fundi atumie spana ya toki. Kipimo cha asili kiache kwenye mabano, ili anayeshuku akikague mwenyewe.