Ute wa bamia

"Bamia zikiiva zinatoa ute unaovutika kama uzi. Ni salama? Umetokana na nini?"

Kula bila wasiwasi. Ute huo ni nyuzilishe zinazoyeyuka, jamii ya pektini: minyororo mirefu ya sukari iliyoungana, pamoja na protini kidogo. Ukikata bamia, ute hukutana na maji, huyanyonya na kuvimba, ndiyo maana vipande vidogo huvutika zaidi. Magadi huuzidisha (wapishi wa mlenda wanalijua hilo), ndimu huupunguza. Usipoupenda, osha bamia nzima, zikaushe kwa kitambaa, ndipo ukate na kuzikaanga kwa moto mkali bila mfuniko. Wa kuogopa ni ute ulio juu ya ganda la bamia mbichi, lililolainika na kunuka: hizo zimeoza, tupa.