Makala ya kurasa 10, dakika 15 za kusoma: nikate wapi?

Swali: Mwalimu, makala yangu ina kurasa 10, nafasi mbili kati ya mistari. Nadai kwamba Abunuwasi hashindi kwa uwongo, bali mpinzani wake hunaswa na jambo alilolikubali mwenyewe. Nimechambua visa vinne: sufuria iliyozaa, harufu ya chakula, maji ya baridi na nyumba ya ghorofa. Kongamanoni nimepewa dakika 15. Nikisoma yote natumia dakika 28. Nimepunguza maneno katika kila aya nikafika 22, lakini rafiki niliyemsomea anasema haelewi tena nadai nini. Nikate wapi?

Jibu: Kwanza acha kupunguza maneno ndani ya aya. Ukipunguza kidogo kidogo kila mahali, vinavyotangulia kuondoka ni vile vipande vidogo kama "kwa hiyo", "lakini kama ingekuwa hivyo" na "ndiyo maana". Karatasini vinaonekana vyepesi, kumbe ndivyo vinavyofunga hatua moja ya hoja na nyingine. Visa vyako vyote vinne vimebaki na nadharia yote imebaki, ila kilichokuwa kikieleza kwa nini kimoja kinamfuata mwenzake hakipo. Rafiki yako amesikia orodha ya visa, hajasikia hoja.

Sasa tupige hesabu. Kurasa 10 za nafasi mbili huwa na maneno kama 2,700 au 2,800. Ukizisoma kwa dakika 28, kasi yako ni karibu maneno 100 kwa dakika, na hiyo ni kasi nzuri. Usibabaishwe na miongozo ya Kiingereza inayotaja maneno 120 au 130: neno letu moja kama "hatukumwambia" ni sentensi nzima kwao. Dakika 15 hazimaanishi maneno 1,500 pia. Kusimama, kusalimia kikao na kutulia kabla ya kila sehemu mpya hula muda. Andika maneno 1,300, yaani dakika 13. Maana yake zaidi ya nusu ya makala inaondoka, na nusu haiondoki kwa kubana sentensi. Inaondoka kwa kuamua sehemu gani hazisomwi kabisa.

Ili uamue, ifunge makala, chukua karatasi tupu, uandike hoja kwa sentensi fupi, kila moja ikishikamana na iliyotangulia. Kwa ulivyoniandikia, yako ingekuwa hivi: Watu husema Abunuwasi hushinda kwa uwongo. Katika kisa cha sufuria uwongo upo, lakini peke yake haumpi ushindi. Kinachompa ushindi ni kwamba jirani alikubali sufuria imezaa, kwa sababu kuzaa huko kulimfaa. Aliyekubali kwamba sufuria huzaa hawezi kukataa kwamba hufa. Tena kuna kisa ambacho Abunuwasi hasemi uwongo wowote, na bado anashinda kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo kinachomnasa mpinzani ni kukubali kwake.

Hizo ni sentensi sita. Zisome kwa mtu asiyeijua makala. Akiuliza "kwa nini?" mahali fulani, hapo pana hatua iliyoruka, iongeze. Zikipita bila swali, hicho ndicho kipimo chako: kila aya ya makala iulize inatumikia sentensi ipi kati ya hizo. Isiyo na sentensi yake haisomwi, hata kama ndiyo aya uliyoihangaikia kuliko zote.

Tuvipitishe visa vyako hapo. Sufuria inabaki, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha mtego wote tangu mwanzo hadi mwisho. Harufu inabaki pia, lakini kwa kazi tofauti. Mwenye chakula anadai alipwe kwa harufu iliyonuswa, na Abunuwasi anamlipa kwa mlio wa fedha. Hakuna aliyedanganya hapo, kwa hiyo kisa hiki kinaondoa maelezo ya wanaosema kila kitu ni uwongo. Ukisoma sufuria peke yake, mtu atasema, "Lakini alidanganya," naye atakuwa na haki.

Maji ya baridi je? Aliyelala majini usiku kucha ananyimwa ujira kwa madai kwamba aliota moto uliokuwa ukiwaka mbali, na Abunuwasi anatundika chungu mbali na moto ili watu waone iwapo chakula kitaiva. Ni kisa kitamu, na najua utaumia kukiacha. Ila kazi yake ni ileile ya harufu: mtu anabebeshwa kanuni yake mwenyewe, bila uwongo. Msomaji wa makala hufaidika na ushahidi wa pili wa aina moja, kwa sababu anaweza kuulinganisha na wa kwanza. Msikilizaji anatumia dakika tatu kurudi alipokwisha kufika. Kipe sentensi moja: "Mtego huohuo unaonekana katika kisa cha maji ya baridi, na niko tayari kukieleza wakati wa maswali."

Nyumba ya ghorofa ndiyo inayotaka uangalifu. Abunuwasi anatishia kuibomoa sehemu yake ya chini mpaka mwenye sehemu ya juu akubali kununua. Mpinzani huyu hakuingizwa kwenye kanuni yoyote kwa tamaa yake. Anabanwa tu na haki ya mwenzake kufanya apendalo na mali yake. Kisa hiki hakiingii vizuri katika dai lako, na kishawishi cha wengi ni kukitupa kwa kisingizio cha muda. Usikitupe. Wanaomjua Abunuwasi watakikumbuka wakiwa wamekaa mbele yako, na kuanzia hapo watakuwa wanakijibu kichwani badala ya kukusikiliza wewe. Kitaje kwa dakika moja na nusu, useme dai lako linaishia wapi: linahusu visa ambavyo mpinzani amekubali au amedai jambo kwa kinywa chake, na nyumba ya ghorofa haimo. Dai lililowekewa mpaka linasimama vizuri zaidi kuliko lile lililofichiwa kisa.

Sehemu nyingine zinakatika kwa urahisi. Mapitio ya maandishi, hata yakiwa kurasa mbili, yanakuwa sentensi mbili: kuna mtazamo huu, nami napingana nao hapa. Nadharia usiisome kama sehemu inayojitegemea. Itoe kisanduku chake, uiseme pale unapoitumia, yaani jirani anapoipokea sufuria ndogo. Tanbihi na kurasa za marejeo zinabaki kwenye nakala utakayoishika kwa ajili ya maswali.

Baada ya kuchagua usinakili aya za makala. Ziandike upya, kwa kuwa sentensi ya kusomwa kwa macho haipokelewi vivyo hivyo na masikio. Tuseme makala yako inasema: "Ijapokuwa wahakiki wengi wamemchukulia Abunuwasi kuwa mhusika ambaye ushindi wake hutokana na uwongo, makala hii inadai kwamba, kama itakavyodhihirika katika visa vitakavyochambuliwa hapa chini, ushindi huo hutokana zaidi na mpinzani kukubali kanuni ambayo baadaye humfunga." Msikilizaji anasubiri sana kabla ya kukutana na dai, na "hapa chini" kwake hakupo. Sema hivi: "Wahakiki wengi husema Abunuwasi hushinda kwa uwongo. Mimi naona sivyo. Hushinda kwa sababu mpinzani wake amekubali jambo, na jambo hilo linamfunga." Maneno yamepungua, lakini faida kubwa ni kwamba kila sentensi imebeba kitu kimoja.

Kuna tatizo jingine ambalo Kiswahili hutuletea kimyakimya. Viambishi vyetu vinaturuhusu kuandika: "Alimpelekea sufuria, akaipokea, akamwambia imezaa, akafurahi." Msomaji anaweza kurudi nyuma kuona nani ni nani. Anayesikiliza hana pa kurudi: Abunuwasi ni *a-* na jirani ni *a-*, sufuria kubwa ni *i-* na ndogo ni *i-*. Ukifika kwenye "imekufa", nusu ya ukumbi haijui ni sufuria ipi, na hoja yako yote imelala hapohapo. Katika nakala ya kusoma rudia majina bila haya: "Abunuwasi akarudisha sufuria ya jirani, na ndani yake sufuria ndogo. Jirani akapokea zote mbili. Safari ya pili Abunuwasi akaazima tena ile kubwa. Jirani alipoidai, akaambiwa sufuria kubwa imekufa." Kwenye makala marudio hayo yangechosha. Ukumbini hakuna atakayeyatambua. Pitia nakala yako ukizungushia kila *a-*, *i-*, "hiyo" na "huyo" inayoweza kuelekea kwa watu au vitu viwili, kisha weka jina.

Vivyo hivyo na viunganishi. Panapokuwa na kichwa kidogo cha habari kwenye makala, wewe una sauti tu, kwa hiyo kila mpito uwe sentensi kamili: "Mpaka hapa mtu anaweza kusema kwamba bado ni uwongo. Tuangalie basi kisa kisicho na uwongo." Hayo ni maneno yasiyofika 20 na ndiyo yanayozuia wasilisho lisigeuke orodha. Mgawanyo wangu wa maneno 1,300 ungekuwa karibu hivi: 200 za kufungua na kutoa dai, 500 za sufuria, 300 za harufu, 150 za nyumba ya ghorofa, na 150 za kufunga. Sufuria imepewa nafasi kubwa kwa makusudi. Kisa kimoja kilichofunguliwa mpaka ndani hushawishi kuliko vinne vilivyoguswa juu juu.

Chapa nakala kwa herufi za ukubwa wa 14 au 16, kila ukurasa uishe na sentensi iliyokamilika. Isome kwa sauti, umesimama, saa ikiwa mbele yako; kusoma kimoyomoyo siku zote huwa haraka zaidi. Kisha andika pambizoni dakika unazopaswa kuwa nazo: 2 unapoanza sufuria, 7 unapoanza harufu, 10 unapoanza nyumba. Weka mabano ya kalamu kwenye aya moja ndani ya sehemu ya sufuria inayoweza kurukwa bila kuvunja zile sentensi sita, kwa mfano ile inayochambua maneno ya jirani. Ukifika harufu saa ikisoma 8, ulipaswa kuwa umeiruka. Na mwenyekiti akikuonyesha dakika mbili zimebaki ukiwa bado kwenye harufu, usiongeze kasi. Maliza mlio wa fedha, sema mpaka wa dai kwa sentensi moja, kisha nenda moja kwa moja kwenye aya ya mwisho, ambayo utakuwa umeiweka kwenye karatasi yake peke yake ili mkono uipate bila kutafuta.