Nikagulieni njia: nimepata 29, kitabu kinasema 9

“Nimetatua 3(x − 4) − 2(x − 5) = 7 nikapata x = 29. Kitabu kinasema 9. Naomba mnikagulie njia yangu, nimekosea wapi?”

Ndugu yangu, njia yenyewe hujaiweka. Hapa kuna swali na jibu tu. Kwa kukisia, nadhani ulifungua mabano hivi:

```
3(x − 4) − 2(x − 5) = 7
3x − 12 − 2x − 10 = 7
x − 22 = 7
x = 29
```

Lakini huko ni kukisia. Huenda uliteleza kwingine kabisa, nami nitakuwa nimekusahihishia kosa ambalo si lako. Kwa hiyo nakili daftari lako lilivyo, hata palipofutwa. Kila mstari uwe na badiliko moja tu, na pembeni andika ulichofanya: “nimefungua mabano”, “nimejumlisha 22 pande zote”. Ukiruka mistari miwili kwa mkupuo, mara nyingi kosa hujificha hapohapo.

Kabla ya kutuma, weka 29 mahali pa x katika kila mstari. Mstari wa kwanza upande wa kushoto unatoa 75 − 48, yaani 27. Wa pili unatoa 87 − 12 − 58 − 10, yaani 7. Thamani imebadilika kati ya mistari hiyo, basi kosa limo humo: −2 mara −5 ni +10. Ukirekebisha, unabaki na x − 2 = 7.

Kama mistari yako ni tofauti na hii, iweke hapa tuitazame.